Fedha Alizochangisha Afisa, na Namna ya Kuzieleza Mbele ya Mwajiri

 Katika maombi ya kazi yanayofika kwenye taasisi za hisani, pale inapotangazwa nafasi ya afisa ruzuku au afisa wa uchangishaji fedha, kuna sentensi moja ambayo nimeisoma mara nyingi kwa kuwa nimepata kukaa mezani pamoja na wanaochagua watu, nayo huandikwa kwa wino mzito mwanzoni mwa wasifu ili isipitwe na jicho: "Nimechangisha shilingi bilioni 1.2." Aghalabu sentensi hiyo si ya uwongo. Walakini msomaji mzoefu, yule katibu au mkurugenzi ambaye mwenyewe amekwisha kutia saini mikataba ya wafadhili na kuzijibu barua za wakaguzi, huisoma kisha akaipita bila ya kuitilia maanani, kwa sababu haimwambii hata jambo moja katika yale anayotaka kuyajua. Muradi wangu jioni hii ni kueleza anayotaka kuyajua ni yapi, na jinsi mwombaji awezavyo kuyaweka bayana kwa insafu, pasipo kujishusha wala kujikweza.

Jambo la kwanza ni kwamba fedha ya mfadhili hupita katika hali nne kabla haijawa ya taasisi kwa haki, na katika kila hali hiyo huwa na tarakimu yake. Kuna fedha iliyoahidiwa, ama kwa kauli, ama kwa barua yenye maneno mazuri; kuna iliyotiwa saini katika mkataba wa ruzuku; kuna iliyopokewa, yaani iliyoingia benki na kuandikwa katika daftari la mhasibu; na kuna ile iliyotumika, ikatolewa taarifa, na taarifa ile ikakubaliwa na mfadhili pamoja na mkaguzi wake wa hesabu. Baina ya hali moja na nyingine pana njia ndefu, na fedha nyingi hupotea humo njiani. Wale waliokuwa katika kazi hii mwaka 2025 hawahitaji kukumbushwa, maana tarehe 20 Januari mwaka huo Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa muda wa siku 90 ili ichunguzwe upya, na ilipofika tarehe 1 Julai Shirika la Misaada la Marekani, yaani USAID, lilikuwa limekwisha kuacha kuiendesha misaada hiyo. Maafisa waliokuwa na mikataba halali mikononi, iliyotiwa saini na kupigwa mihuri, waliona sehemu kubwa ya tarakimu zao ikibaki karatasini. Hapana lawama juu ya afisa kwa jambo kama hilo. Lakini anapoandika wasifu wake leo, sharti aseme kwamba mkataba ulikuwa wa kiasi fulani, na kwamba fedha zilizopokewa hadi mkataba ulipovunjwa ni kiasi fulani, maana mwajiri anayekumbuka mwaka ule atauliza, na jibu lililokwisha kuandikwa huaminiwa kuliko lile linalotolewa baada ya kuulizwa.

Sasa, ili maneno yangu yasibaki hewani, natuchukue mfano mmoja na kuufuata hatua kwa hatua. Mfano huu nimeuunda mwenyewe, lakini hapana sehemu yake hata moja isiyotokea kila mwaka katika taasisi zetu. Tuseme kwamba bibi mmoja amekuwa afisa ruzuku kwa muda wa miaka mitatu katika taasisi ndogo mkoani Tanga, inayochimba visima na kujenga vyoo katika shule za msingi, na kwamba ndiye aliyeandika ile sentensi ya bilioni 1.2. Tukimwomba aifungue tarakimu yake, tutakuta ndani yake mafungu manne. La kwanza ni shilingi milioni 640, ambazo ni ruzuku ya ubalozi mmoja wa Ulaya. La pili ni milioni 360, zilizotolewa kwa taasisi tatu zilizoomba kwa pamoja. La tatu ni milioni 150 kutoka kwa mfuko mmoja wa hisani ambao haukuwa umewahi kuifadhili taasisi hiyo. Na la nne ni milioni 50, zilizotangazwa usiku wa karamu ya kuchangia ambayo wafanyabiashara wa mji walialikwa. Mafungu haya yakijumlishwa hutimia bilioni 1.2 kamili, basi hesabu yake haina kosa. Lililokosekana ni maelezo.

Tulitazame lile la kwanza. Ubalozi ule ulikuwa ukiifadhili taasisi tangu kabla ya bibi huyu kuajiriwa, kwa ruzuku ya milioni 600, na alichokifanya yeye ni kuulinda uhusiano huo, kuandika ripoti zilizoufanya ubalozi uridhike, na kusaidia kuandika andiko jipya ambalo mkurugenzi ndiye aliyelitetea. Kwa hiyo katika zile milioni 640, milioni 600 ni fedha iliyohifadhiwa na milioni 40 tu ndizo nyongeza. Wengi huona haya kusema hivyo, wakidhani kwamba kuhifadhi ni kazi duni kuliko kuleta kipya, ilhali kila mkurugenzi ajuaye mambo anafahamu kwamba kumpoteza mfadhili wa miaka mingi ni hasara ambayo wafadhili wapya wawili hawaizibi upesi, kwa maana mpya huanza na kiasi kidogo na masharti mengi. Fungu la pili linataka hadhari kubwa zaidi, kwa sababu katika zile milioni 360, sehemu ya taasisi yake ilikuwa milioni 120, na zilizobaki zilikwenda kwa wale washirika wawili. Mwombaji anayejitwalia jumla yote ni kama nahodha anayeihesabu shehena ya msafara mzima kuwa ilichukuliwa na jahazi lake, na hatari yake ni kwamba maafisa wa taasisi zile mbili nao huandika wasifu, na mara nyingine wasifu wote watatu hufika juu ya meza moja, kila mmoja ukidai milioni zile zile 360.

Fungu la tatu ndilo lake hasa. Aliuvumbua mfuko ule mwenyewe, akasoma masharti yake, akaandika kwanza andiko fupi la kurasa mbili, na lilipokubaliwa akaandika andiko kamili pamoja na bajeti, akashirikiana na mhasibu. Hizi ni milioni 150 kwa miaka mitatu, milioni 50 kila mwaka, na mpaka alipoandika maombi yake zilikuwa zimepokewa milioni 100, zile 50 za mwisho zikingojea ripoti ya mwaka wa pili ikubaliwe. Ama fungu la nne, la karamu, lina mambo mawili ya kusemwa. Milioni 50 zilikuwa ahadi zilizotolewa kadamnasi, watu wakipigiwa makofi. Zilizolipwa baadaye ni milioni 34, na gharama za ukumbi, chakula na vyombo vya muziki zilikuwa milioni 18, basi faida halisi ni milioni 16. Tarakimu hii ni ndogo mno mbele ya zile nyingine, na mtu aweza kushawishika kuificha, lakini ina fadhila moja ambayo nyingine zote hazina: ni fedha huru, isiyofungwa na mkataba, ambayo taasisi yaweza kulipia kodi ya ofisi au kuzibia pengo lolote. Mwajiri mwenye akili atamwuliza juu yake kwa hamu kuliko atakavyomwuliza juu ya ubalozi.

Tukijumlisha upya, basi, tunapata milioni 600 zilizohifadhiwa, 40 za nyongeza, 120 za sehemu yake katika ushirika, 150 za mfuko mpya, na 16 za karamu. Jumla ni milioni 926. Katika hizo, zilizokuja juu ya yale aliyoyakuta ni milioni 326. Ni pungufu ya ile bilioni 1.2, lakini tazameni kilichoongezeka. Sasa tunajua kwamba bibi huyu anaweza kumtunza mfadhili wa zamani, anaweza kufanya kazi na washirika, anaweza kumpata mfadhili mpya kuanzia andiko fupi mpaka mkataba, na anajua kutofautisha ahadi na fedha. Mwajiri ambaye taasisi yake inahitaji mfadhili mpya ataitazama ile milioni 150; na yule ambaye ubalozi wake unakaribia kumaliza mkataba ataitazama ile 640. Tarakimu moja kubwa isingemsaidia hata mmoja wao.

Namna ya kuyaandika haya katika wasifu si ngumu, wala haihitaji kurasa. Kila fungu lipewe mstari mmoja wenye mambo manne: aina ya mfadhili, kiasi na hali yake, muda, na sehemu ya mwombaji katika kazi yenyewe. Mathalani aandike hivi: "Ruzuku mpya ya mfuko wa hisani, shilingi milioni 150 kwa miaka mitatu, 100 zimekwisha kupokewa, nilimtafuta mfadhili, niliandika andiko fupi na andiko kamili, na bajeti niliitengeneza pamoja na mhasibu." Yale maneno ya mwisho, kwamba bajeti ilitengenezwa pamoja na mhasibu, hayampunguzii kitu, bali humfanya msomaji ayaamini yaliyotangulia, kwa kuwa hapana taasisi iliyo timamu ambayo afisa mmoja huandika andiko, akapanga bajeti na kutia saini peke yake. Tena ni vyema aongeze idadi ya maandiko aliyoyapeleka na idadi ya yaliyokubaliwa, akiyatenga ya wafadhili wa zamani na ya wafadhili wageni, maana kukubaliwa na anayekujua si sawa na kukubaliwa na asiyekujua, na mwenye kuyachanganya hujionyesha kuwa hodari kuliko alivyo.

Kuna swali moja la malipo ambalo huzuka hapa, nami sitaki kulipita. Baadhi ya waajiri, hasa wa taasisi changa zisizo na fedha, humwambia mwombaji: "Tutakulipa asilimia fulani ya kila utakacholeta." Na baadhi ya waombaji, wakidhani wanaonyesha ujasiri, hupendekeza wenyewe. Jumuiya ya kimataifa ya wachangishaji, ijulikanayo kwa herufi za AFP, ambayo kanuni zake za maadili zilipitishwa kwanza mwaka 1964, inawakataza wanachama wake malipo ya namna hiyo, na sababu si ngumu kufahamika: mtoaji alitoa kwa ajili ya kisima, hakutoa ili sehemu ya kumi iingie mfukoni mwa aliyemwandikia barua, na afisa anayelipwa kwa asilimia humkimbilia mfadhili mwenye fedha nyingi za haraka, akawaacha wale wa kudumu wanaotaka kutunzwa kwa subira. Fauka ya hayo, wafadhili wengi hawaikubali gharama hiyo katika hesabu zao. Mwombaji anayesema kwa upole kwamba anapendelea mshahara, naye akaeleza kwa nini, amekwisha kumwonyesha mwajiri kwamba anaifahamu kazi yake.

Nimefika kwenye jambo la pili, yaani uhusiano na wafadhili, na hapa ndipo maneno matupu yanapozidi. Wasifu umejaa sifa za "uhusiano imara" na "mtandao mpana", na katika usaili mwombaji hutaja majina ya mabalozi aliopata kunywa nao chai. Lakini uhusiano na mfadhili ni amana ya taasisi. Si mali ya afisa. Zile kanuni nilizozitaja zinasema pia kwamba taarifa za watoaji zilizokusanywa kwa niaba ya taasisi hubaki kuwa za taasisi hiyo. Kwa hiyo mwombaji anayeahidi kwamba "atakuja na wafadhili wake" amesema mambo mawili kwa pamoja: kwamba yu tayari kuiibia taasisi anayoiacha, na kwamba siku atakayoondoka hapa atafanya vivyo hivyo. Nimewahi kuona baraza la usaili likiinua nyuso kwa furaha liliposikia ahadi hiyo, nami nikastaajabu, maana waliokuwa wakifurahi ndio watakaoibiwa kesho.

Je, uhusiano mwema huonyeshwaje basi, kama hautajwi kwa majina? Huonyeshwa kwa matendo yanayoacha alama. Alama ya kwanza ni kurudi kwa mfadhili: ubalozi uliotoa milioni 600 ukarudi na 640 umetoa ushahidi ambao hapana barua ya sifa iwezayo kuushinda. Alama ya pili ni jinsi afisa alivyopeleka habari mbaya. Turudi kwa yule bibi wa Tanga. Katika mwaka wa pili wa ruzuku ya mfuko, bajeti ilikuwa na shilingi milioni 12 za mafunzo ya kamati za maji mashuleni, yaliyopangwa kufanyika mwezi wa Aprili. Masika yakawa makali, barabara za kwenda vijiji vitatu zikakatika, na mafunzo ya vijiji hivyo hayakufanyika. Afisa dhaifu hungojea ripoti ya mwisho wa mwaka ndipo aeleze, akitumaini kwamba mfadhili hatatia jicho. Bibi huyu aliandika mwezi ule ule wa Aprili, barua ya nusu ukurasa, akasema kilichozuia, akataja fedha zilizobaki, na akaomba ruhusa ya maandishi kuyahamishia mafunzo hayo mwezi wa Julai, katika robo ya mwaka inayofuata. Mfadhili akajibu kwa mstari mmoja wa kukubali. Barua hiyo na jibu lake, vikifutwa majina, ni kielelezo bora cha uhusiano kuliko orodha ya mabalozi kumi.

Alama ya tatu ni kile afisa anachokiacha anapoondoka. Aulizwe: mfadhili akipiga simu leo katika ofisi uliyoiacha, nani ataijibu, naye atajua nini? Aliyekuwa na daftari la mawasiliano, lenye tarehe ya kila mazungumzo, jambo lililoahidiwa na siku ya kulitimiza, atajibu bila ya kusita. Aliyeweka kila kitu katika simu yake ya mkononi atazungukazunguka. Ni swali jepesi, na waajiri wengi hawaliulizi.

Jambo la tatu ni kuripoti, nalo ndilo ninaloliona kuwa kipimo cha kweli cha afisa ruzuku, kwa kuwa andiko zuri laweza kusaidiwa na mshauri wa kukodiwa kwa wiki mbili, lakini ripoti ya kila robo mwaka yamtaka mtu anayekaa na kazi. Ripoti ina mikono miwili, maelezo ya utekelezaji na taarifa ya fedha, na kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni mikono hiyo kutokujuana: maelezo huandikwa na afisa wa mradi, hesabu hufanywa na mhasibu, na afisa ruzuku huziambatisha na kuzituma bila ya kuzilinganisha. Katika ripoti ile ya mwaka wa pili, maelezo yalisema kwamba wazazi na walimu 240 walipata mafunzo; lakini bibi yetu alipozihesabu karatasi za mahudhurio zilizotiwa sahihi alikuta watu 205. Akauliza, ikadhihirika kwamba watu 35 walihudhuria vikao viwili wakahesabiwa mara mbili. Akaandika 205, na chini yake akaeleza kwa sentensi moja kwamba 35 kati yao walihudhuria mara mbili. Lau angepeleka 240, mkaguzi angelinganisha idadi hiyo na malipo ya nauli, ambayo nayo yana sahihi zake, na tofauti ya watu 35 ingeleta shaka juu ya ripoti nzima, hata juu ya visima ambavyo vipo na vinatoa maji.

Upande wa fedha nao una ustadi wake, nao ni kueleza tofauti baina ya kilichopangwa na kilichotumika. Zile milioni 12 za mafunzo, mpaka mwisho wa kipindi cha ripoti, zilikuwa zimetumika milioni 7. Mikataba mingi huweka kiwango, aghalabu asilimia 10 ya fungu, ambacho kikizidi sharti itolewe sababu, na kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine kupita kiwango hicho kunahitaji ruhusa kabla ya kutumia. Maelezo mabaya ya tofauti ile yangesema tu: "Fedha hazikutumika zote." Maelezo mema yanasema kwamba milioni 5 hazikutumika kwa sababu vijiji vitatu havikufikika mwezi wa Aprili, kwamba ruhusa ya kuhamisha mafunzo ilitolewa kwa barua ya tarehe fulani, na kwamba fedha zitatumika mwezi wa Julai kwa kazi ile ile. Sentensi moja, lakini ndani yake mna kiasi, sababu, ithibati na mwisho wa jambo, na msomaji wa upande wa pili hana la kuuliza.

Pia afisa aulizwe juu ya gharama zilizokataliwa, na ajibu bila ya woga. Tuseme mkaguzi wa ubalozi, katika ile ruzuku ya kwanza ya milioni 600, alikataa matumizi ya milioni 2 kwa sababu mafundi walitoa risiti za kuandika kwa mkono badala ya zile za mashine ya EFD. Milioni 2 katika 600 ni kama thuluthi ya asilimia moja, si aibu kubwa. Lakini ubalozi haukuzilipa, na taasisi ilibidi izitoe katika fedha zake huru, ambazo ni zile chache za karamu. Hapa ndipo anapoonekana afisa anayeona mbali, kwa kuwa baada ya tukio hilo bibi huyu, pamoja na mhasibu, waliweka sharti la risiti za EFD ndani ya mikataba ya mafundi kabla ya kazi kuanza, na katika ukaguzi uliofuata hapana matumizi yaliyokataliwa kwa sababu hiyo. Mwombaji anayesimulia jambo hili kwa utaratibu huo, hasara, sababu yake, na kilichobadilishwa, ameshinda yule anayedai kwamba hajawahi kukataliwa gharama hata senti, maana huyo wa pili ama hajakaguliwa ama hakuambiwa matokeo. Kadhalika, kwa wale wa Tanzania, yafaa mtu aonyeshe kwamba anajua kuwa mfadhili si msomaji wa pekee wa mikataba yake: kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali zilizotolewa mwaka 2018 zinataka mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ipelekwe kwa Msajili na Hazina, na taasisi nyingi huingia taabuni si kwa ubadhirifu bali kwa kusahau.

Mwombaji aliyeitwa kwenye usaili afanye nini, basi? Achukue jalada jembamba lenye karatasi tatu: ukurasa mmoja wa mafungu yake ya fedha kama tulivyoyachambua, ukurasa mmoja wa ripoti aliyoiandika wenye maelezo ya tofauti, na barua moja kwa mfadhili. Kabla ya kuzitoa kwa mtu aombe idhini ya taasisi aliyoitumikia, kisha afute majina ya wafadhili, ya shule na ya watu waliohudumiwa, maana Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022 na Kenya inayo yake tangu 2019, na mtu anayemwaga siri za kazi ya jana juu ya meza ya kazi ya kesho amejihukumu mwenyewe. Kama idhini haikupatikana, aandike mfano wa kubuni wenye umbo lile lile, na aseme wazi kwamba ni wa kubuni.

Na ninyi mnaoajiri nina neno kwenu. Msimwulize mwombaji ameleta kiasi gani kabla ya kumwuliza alikuwa wapi. Milioni 16 huru katika taasisi isiyo na jina, yenye afisa mmoja na mhasibu wa nusu siku, zaweza kuwa kazi kubwa kuliko bilioni katika shirika la kimataifa ambalo wafadhili hulitafuta wenyewe na ambalo lina watu kumi wa kuandika andiko moja. Mwulizeni: katika tarakimu hii, ni ipi ingekuja hata kama wewe usingekuwapo? Mwenye kujibu swali hilo kwa utulivu, akatenga chake na cha wenzake, ndiye atakayewaandikia wafadhili wenu ripoti za kweli. Na mwenye kukasirika nalo, msimpe kalamu ya taasisi yenu hata kama jumla yake ni kubwa kiasi gani.